Sifuri ya mwanzo haitolewi kila mara

"Ukiandika namba ya simu ya mpokeaji kwenye lebo ya kifurushi kinachoenda nje, si ukiweka msimbo wa nchi unatoa tu ile sifuri ya mwanzo?"

Kwa nchi nyingi, ndiyo. Namba ya London inayoanza na 020 inakuwa +44 20, kwa sababu sifuri ile ni ya kupigia ndani ya nchi tu. Lakini Italia, tangu 1998, sifuri ya simu ya mezani ni sehemu ya namba yenyewe. Namba ya Roma inayoanza na 06 huandikwa +39 06. Ukiitoa sifuri hapo, msambazaji akipiga hampati mpokeaji, na kifurushi kinaweza kurudi kilikotoka hata kama anwani ni sahihi kabisa. Simu za mkononi za huko huanza na 3, kwa hiyo hazina sifuri ya kutoa.

Na tafadhali, kwenye lebo usiandike +44 (0)20. Mtu anayeipiga ilivyo, sifuri ikiwemo, huenda asipate simu.