Mteja anataka polepole, msimulizi anataka maneno yapungue

Jumatatu moja nilifungua barua pepe mbili zilizofika usiku, zote kuhusu faili lilelile, pampu_sauti_v2.wav. Ilikuwa sauti ya video ya dakika mbili ya kuwafundisha mafundi kukagua pampu ya maji. Mteja aliandika: "Dakika 0:41 msimulizi anasoma kama anakimbizwa. Apunguze mwendo. Akaze neno 'kabla', ni suala la usalama. Na mwishoni aongeze kwamba fundi asubiri dakika tano." Msimulizi naye, aliyekuwa amesikiliza kazi yake upya kwa hiari yake, aliandika: "Pale 0:41 sitaweza kwenda polepole zaidi, picha itanipita. Sentensi ni ya pumzi moja. 'Kabla' nikiikaza nitasikika kama nagomba. Punguzeni maneno."

Mmoja anaongeza, mwingine anapunguza. Ukiwa mtayarishaji wa sauti, hapa ndipo kishawishi kinapokujia: umtumie msimulizi maoni ya mteja kama yalivyo, umwambie "mteja ndiye anayelipa", mambo yaishe. Nimewahi kufanya hivyo. Nilirudishiwa sauti iliyokwenda polepole kweli, ikamalizika wakati picha iko kwenye hatua nyingine, na raundi ya tatu ikageuka kuwa ya nne.

Siku hizi huanza kwa kuyaweka maoni yote kwenye jedwali moja, nikiyapanga kwa sekunde. Siyapangi kwa mtu. Safu ya kwanza ni muda, ya pili ni maneno yanayosikika pale, ya tatu nani kasema nini, ya nne naiacha wazi kwa ajili ya sababu. Ukipanga kwa mtu, unaona pande mbili zinazozozana. Ukipanga kwa sekunde, mara nyingi unakuta watu wawili wameweka kidole kwenye kidonda kimoja, kila mmoja akiwa na dawa yake. Kwenye jedwali la siku ile, maoni yote ya video nzima yalikuwa tisa, na matano kati yake yaliangukia kati ya 0:41 na 0:52. Sentensi ya pale ilikuwa hii:

"Hakikisha kwamba umezima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kufungua kifuniko cha pampu ili kuepuka ajali inayoweza kusababishwa na mabaki ya umeme kwenye kapasita."

Skripti niliiandika mimi. Niseme mapema ili msomaji ajue aibu ni ya nani.

Wengi hupima skripti kwa idadi ya maneno. Kwa Kiswahili kipimo hicho hudanganya, kwa sababu "na" ni neno na "kusababishwa" ni neno. Sentensi ile ina maneno 24 tu, ukiiangalia huioni kuwa nzito. Mimi huhesabu silabi, na Kiswahili kinarahisisha kazi hiyo kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Sentensi ile ina silabi 66. Nafasi kwenye picha ilikuwa sekunde 11. Maana yake msimulizi alilazimika kusoma silabi sita kila sekunde, bila kuvuta pumzi hata mara moja. Kwa video ya mafunzo, ambapo mtu anafuata kwa mikono, nimezoea kulenga silabi tano kwa sekunde au pungufu, na juu yake pumziko kidogo. Kwa mwendo huo sentensi ilihitaji sekunde 13 na ushee. Ukiongeza "subiri dakika tano" ya mteja, silabi nane, unakaribia sekunde 15 mahali penye 11.

Kwa hiyo mteja alikuwa sahihi kwamba msimulizi anakimbia, na msimulizi alikuwa sahihi kwamba hana pa kukimbilia. Kwenye safu ya nne niliandika neno moja: skripti.

Kuhusu "kabla" nilikaa nalo zaidi. Mteja alitaka uzito, msimulizi alikataa kukaza sauti, na ukiwasikiliza juu juu ni suala la ladha. Lakini soma ile sentensi kwa sauti ukilipigia kelele neno "kabla" katikati yake. Linajitokeza kama mtu aliyekanyagwa mguu. Katikati ya sentensi ndefu kukaza sauti hakutoshi, na sisi tuna njia nyingine za kusisitiza: tunahamisha maneno, tunaweka kituo, tunatumia "ndiyo", "ndipo", "si". Mama anayemwambia mtoto "nawa mikono, ndipo ule" hakazii sauti neno lolote, na mtoto anaelewa kwamba hakuna kula kwanza. Mteja aliomba sauti iwe nzito kwa sababu hicho ndicho kifaa alichokiona mezani. Alichokuwa anataka hasa ni fundi asifungue kifuniko mapema. Nilimpigia simu kumuuliza hivyo tu: "Dada, unaogopa fundi atafanya nini akisikia hapa?" Akajibu bila kusita, "Atafungua halafu ndiyo akumbuke umeme." Swali hilo hunisaidia kuliko "unataka isikikeje", kwa sababu mteja akiulizwa hofu yake huielezea vizuri, ila akiulizwa usomaji huishia kusema "changamfu zaidi".

Niliandika matoleo mawili. La kwanza:

"Kabla ya kufungua kifuniko, zima umeme kwenye swichi kuu na usubiri dakika tano. Kapasita bado ina umeme."

La pili, lililotokana na msimulizi mwenyewe kusema kwenye simu kwamba "ndipo" ingembebea mzigo wote:

"Zima umeme kwenye swichi kuu, subiri dakika tano kapasita iishiwe umeme, ndipo ufungue kifuniko."

La pili lina silabi 40. Kwa mwendo wa tano kwa sekunde ni sekunde nane, na zinabaki tatu za kupumua kwenye mikato miwili. Mimi nililipenda la kwanza kwa sababu "kabla" imekaa mbele kabisa, nikaona mteja atafurahi. Mambo mawili yaliliangusha. Picha inaonyesha swichi kwanza, kisha kifuniko. Kwa hiyo sikio lingesikia "kifuniko" huku jicho likiangalia swichi. Na fundi wa upande wa mteja, aliyekuwa ametupa ile namba ya dakika tano kwa aina hiyo ya pampu, alisoma "bado ina umeme" akasema mtu atadhani hata baada ya kusubiri umeme upo palepale. Sikuwa nimeliona hilo. Ndiyo maana mabadiliko yanayogusa ukweli wa kazi huyapeleka kwa mwenye ukweli, hata kama ni neno "bado" tu. Msimulizi akiniambia neno fulani linamkwama mdomoni, namwamini moja kwa moja. Akiniambia tuondoe "dakika tano" ili sentensi iwe laini, hilo halipo mkononi mwake wala mwangu.

Sikumtumia mteja maandishi peke yake. Mtu akisoma kwa macho husoma haraka, na kila sentensi humtosha. Nilisoma matoleo yote mawili mimi mwenyewe, nikijirekodi kwa simu, nikayaweka chini ya picha ya 0:41, nikamtumia vipande viwili vya sekunde 11. Tahadhari: nasoma kwa makusudi kikavu, bila mbwembwe. Niliwahi kusoma kwa madoido na mteja akaniambia msimulizi aige ninavyosoma, nikabaki natafuta maneno ya kumwambia mtu anayesoma vizuri kuliko mimi mara kumi.

Mteja alichagua la pili, na nikaomba aandike kwa barua pepe "maandishi haya yamekubaliwa" kabla maikrofoni haijawashwa. Simu haitoshi hapa. Baada ya wiki kila mtu hukumbuka simu yake.

Msimulizi nilimtumia maelekezo yaliyochujwa. Hakuna mahali palipoandikwa "kama anakimbizwa". Niliandika: sentensi mpya ni hii, nafasi ni sekunde 11, pumzika kwenye mikato, "ndipo" usiikaze, iache itue. Niliomba arekodi mara tatu, na kila mara aanze na sentensi iliyotangulia na amalizie na inayofuata, ingawa hizo mbili sitazitumia. Kipande kilichorekodiwa peke yake huanza kama salamu na kuishia kama kwaheri, na ukikipachika katikati ya usimulizi kinasikika kiraka. Nilimpa pia sekunde kumi za rekodi ya awali azisikilize kwenye hedifoni kabla ya kila jaribio, umbali uleule na maikrofoni, saa zilezile za mchana. Sauti ya asubuhi ni nzito kuliko ya alasiri, na mteja ambaye hajui kwa nini atakwambia tu "hapa kuna mtu mwingine".

Kuna hali ambapo maneno hayapunguki: onyo lililoidhinishwa neno kwa neno, ambalo hata mteja mwenyewe haruhusiwi kuligusa. Hapo kinachosogea ni picha. Mhariri wa video anaweza kuigandisha fremu ya swichi kwa sekunde mbili na hakuna atakayejua. Kwa katuni zilizokwisha kuchorwa ni kazi kubwa zaidi, kwa hiyo huuliza mapema kama picha bado zinaweza kubadilishwa au la. Na upo mgongano ambao kweli ni wa ladha. Kwenye video hiyohiyo mteja alitaka 1:20 "uchangamfu", msimulizi akaona mada haichangamkiki. Nilimwomba mteja anionyeshe mahali kwenye rekodi hiyohiyo panapomfurahisha. Akataja 0:12. Msimulizi alipasikiliza akacheka, akakumbuka kwamba pale alikuwa amesimama. Baadaye alichoka akakaa. Alirudia 1:20 akiwa wima, basi. Majina ya bidhaa sijadili: mwenye jina ndiye anayejua linavyotamkwa, anirekodie kwa simu nimpelekee msimulizi.

Rekodi mpya ilitoka na sekunde 9.6. Niliijazia mwishoni kwa ukimya wa chumba chake, ule wa nusu dakika ninaoomba kila msimulizi arekodi bila kusema kitu, kwa sababu ukimya wa kompyuta husikika kama sauti imekatika.

Kisha likaja suala la nani analipia kurudia. Safu ya nne ya jedwali ndiyo iliyoamua. "Subiri dakika tano" ilikuwa taarifa mpya ambayo haikuwepo kwenye skripti aliyoikubali mteja, kwa hiyo ilihesabiwa kama badiliko lake. Msimulizi hakukosea neno hata moja, hivyo alilipwa kipindi kipya. Mwendo wa kukimbia ulikuwa wangu, na sehemu hiyo ya bili niliikata kwangu.