Kuchanganya lugha si kosa zima

"Ujumbe wenye Kiingereza ndani ya Kiswahili, si tusahihishe kila neno la Kiingereza?"

Hapana. Chukua ujumbe huu wa karani wa shato ya Arusha kwenda kwa abiria wa Moshi: "Dada, nimekonfemu siti yako. Shato itakupiki saa 6:30 asubuhi. Vocha lako nimesendi."

"Itakupiki" inaonekana ovyo, lakini ivunje: i- ya shato, -ta- ya wakati ujao, -ku- ya anayechukuliwa. Sarufi yote ni ya Kiswahili, kilichoazimwa ni mzizi tu. Hata irabu ya mwisho ina utaratibu wake: husemwa "sikonfemu" bila kubadili kitu, kama "sijibu" na "sisafiri", ambavyo navyo ni vya mkopo na hakuna anayevilalamikia. Viache, mradi msomaji ni mtu wa kuzoeana. Kwenye barua rasmi andika "nimethibitisha".

Cha kurekebisha kwanza ni saa. Karani amefikiri kwa Kiingereza akaandika kwa Kiswahili. Neno "asubuhi" linamwokoa kidogo, ila likidondoka, abiria atafika stendi mchana, saa sita na nusu, shato ikiwa imeshaondoka tangu asubuhi. Andika "saa 12:30 asubuhi". Kisha "vocha lako" iwe "vocha yako", maana upatanisho umeteleza.

Angalia pia kukanusha: "sijakonfemu" humwambia abiria asubiri, "sikukonfemu" humwambia jambo halikufanyika.