Je, wajua? Kwenye kriketi, jinsi ran 30 kwa mipira 30 zinavyogeuka 16 kwa mipira 6

"Timu inapata ran kila ova, sasa mbona ile namba ya ran zinazotakiwa kwa ova inazidi kupanda?"

Ran ni pointi za kriketi, na ova ni mipira 6 ya mrushaji mmoja. Namba inapanda kwa sababu ukipata chini ya kilichotakiwa, pungufu yake haifutiki, inagawanywa kwenye ova zilizobaki. Hesabu ni fupi tu, ran zinazohitajika gawanya kwa ova zilizobaki.

Chukua fainali ya Kombe la Dunia la T20 ya 2024, Bridgetown, Barbados, ambapo kila timu ina ova 20. India walipata 176, so Afrika Kusini walihitaji 177. Baada ya ova 14 zilibaki ran 54 kwa ova 6, yaani 9 kwa ova, alafu mpigaji wao Heinrich Klaasen akamchapa mrushaji wa India Axar Patel vibaya mno, ova moja ikatoa ran 24, zikabaki 30 kwa ova 5. Namba ikashuka hadi 6.

Hapo ndo utamu ulipo. Ni kama mkopo wenye tarehe ya mwisho isiyosogezwa: ukipunguza rejesho mapema, kilichobaki kinasambaa kwenye wiki nyingi hata hukisikii, ila ukipunguza wiki mbili za mwisho kinakudondokea chote. Ova ya 16 mrushaji wa India Jasprit Bumrah akatoa ran 4, pungufu ni 2, gawanya kwa ova 4 unapata 0.5, namba ikawa 6.5. Ova ya 17 ikatoa 4 tena, ikawa 7.33. Ya 18 Bumrah akatoa 2 tu, ikaruka hadi 10. Ya 19 zikaja 4, pungufu ya 6 haikuwa na pa kugawanywa zaidi ya ova moja, ikawa 16. Wakapata 8, wakafungwa kwa ran 7.

Wengi wanateleza kwenye nukta. Ukiona ova 17.4 hiyo sio desimali, ni ova 17 na mipira 4, na ova ina mipira 6, kwa hiyo kati ya ova 20 imebaki mipira 14. Hizo ni ova 2 na mipira 2, ukiandika 2.2 kwenye kalkuleta umeshapotea. Sema zinatakiwa ran 21: 21 gawanya kwa 2.2 inakupa 9.55, wakati jibu sahihi ni 9. Njia salama ni kuhesabu mipira:

```
ran zinazohitajika × 6 ÷ mipira iliyobaki
21 × 6 ÷ 14 = 9
```

Waidi na noboli, yaani mipira iliyorushwa kinyume na kanuni, zinaongeza ran bila kula mpira, kwa hiyo hapo unapunguza ran peke yake, mipira inabaki ileile.

Ila namba hii haioni wiketi kabisa, yaani wapigaji waliotolewa. Klaasen alitolewa na Hardik Pandya mpira wa kwanza wa ova ya 17, zikiwa zinatakiwa 26, na yeye ndo alikuwa anaibeba timu, ana ran 52 kwa mipira 27. Namba ikasogea kutoka 6.5 hadi 6.78 tu, sawasawa na ambavyo ingesogea kama angekosa mpira ule na kubaki uwanjani.