Msitu wa mikoko ndani ya uso wa mzee wa Lamu

Umewahi kuona picha ya mtu aliyegeuza uso pembeni, na ndani ya kichwa chake umeota msitu mzima. Wanaonijia studio kujifunza huanza kwa kukata: wanazungusha mstari kwenye ukingo wa kichwa, pua, midomo, ndevu, kisha wanamwaga msitu humo ndani. Wakimaliza, uso wenyewe haupo tena, limebaki umbo lililojazwa majani. Mimi sikati. Picha mbili zikipigwa inavyotakiwa, hali ya kuchanganya inayoitwa `Screen`, iliyomo ndani ya programu za kuhariri picha kama GIMP na Photoshop, huweka msitu mahali pake yenyewe, na sura ya mtu inabaki.

Siri yake ni hesabu ndogo. Kila nukta ya picha ina kiwango cha mwanga, kuanzia 0 ambacho ni nyeusi tii hadi 255 ambacho ni nyeupe pe. Tukiita nukta ya mtu a na nukta ya msitu b, programu inafanya hivi:

```
matokeo = 255 - (255 - a) * (255 - b) / 255
```

Weka a iwe 255: jibu ni 255, msitu uwe wa namna yoyote. Weka a iwe 0: jibu ni b, yaani msitu wenyewe bila kupungua. Kwa hiyo mtu akiwa mweusi mbele ya mbingu nyeupe, msitu unaingia mwilini mwake na kukoma pale mwili unapokoma. Enzi za filamu ilikuwa vivyo hivyo: sehemu iliyokwisha kuungua kwa mwanga haikuweza kupokea picha ya pili, na sehemu iliyobaki gizani ndiyo iliyoipokea.

Ugumu unaanzia hapo kwenye neno "nyeupe". Ukuta wa chokaa ulio kivulini, jicho linauona mweupe, lakini kamera inaweza kuuandika 180. Kwa kiwango hicho, shina jeusi la mti lenye 60 linatoka 198, na jani lenye mwanga wa 200 linatoka 239. Tofauti hiyo inaonekana wazi, kwa hiyo msitu utavuja nje ya kichwa na kuelea hewani. Ukiona matawi hafifu nyuma ya kisogo, usihangaike na maski, lile pazia la kuficha sehemu za picha. Picha ya mtu ndiyo haina weupe wa kutosha.

Ndiyo maana huku kwetu napiga watu dhidi ya mbingu, si dhidi ya ukuta. Siku ya mawingu mbingu ni nyeupe na sawa pande zote, kazi inakuwa rahisi. Wakati wa kaskazi mbingu ni buluu, na buluu ina hila: mwanga wake wa buluu uko juu, lakini mwekundu uko chini, hivyo msitu unapenya kupitia ule wekundu na mandhari inachafuka. Dawa yake ni kuigeuza picha ya mtu iwe ya rangi moja kwa kutumia mwanga wa buluu peke yake. Kwenye GIMP nenda `Colors > Components > Mono Mixer`, weka `Red` na `Green` ziwe 0, na `Blue` iwe 1. Mbingu inaruka kuwa karibu nyeupe, na ngozi zetu za kahawia, ambazo hurudisha buluu kidogo sana, zinazama kwenye weusi. Ni upendeleo ambao mpiga picha wa Pwani anao bila kuutafuta.

Sasa nieleze kazi moja. Familia moja ya Lamu ilitaka picha ya mzee wao, ambaye maisha yake yote alikuwa akikata boriti, achanganywe na mikoko. Mzee ana ndevu nyeupe na huvaa kofia nyeupe ya kudarizi. Kwa `Screen` hizo ni taabu mbili, maana cheupe mbele ya cheupe hupotea: kichwa kingeishia kwenye paji la uso na kidevu kisingekuwepo. Nilimwomba kwa adabu kama angeweza kuvua kofia. Akasema, "Mwanangu, mimi mbele za watu sikai kichwa wazi." Alikuwa na haki yake, na kofia ile ni sehemu ya sura yake. Basi ilibidi mwanga ndio ubadilike.

Nilimkalisha ukingoni mwa kipaa cha makuti, juu ya nyumba, jua lisimguse kichwani, na nyuma yake ikawa mbingu tupu. Nilipima mwanga kwenye mbingu, kisha nikaongeza mwanga kwa stopu mbili na nusu hivi, ili mbingu ikaribie nyeupe bila kumwagika. Mwenye simu agonge kidole kwenye mbingu, halafu avute kialama cha mwanga juu taratibu. Ukizidisha, mwanga unakula ukingo: kope zinatoweka kwanza, kisha ncha ya pua inapungua. Hizo kope ndizo kipimo changu, hata baadaye nikivuta alama ya weupe kwenye `Levels` ili kuifikisha mbingu 255.

Kule kivulini uso wa mzee ulishuka hadi 30 hivi, na kofia ikawa kama 120. Sasa picha ya pili ndiyo inaamua kama kofia itaonekana. Nukta ya kofia ikikutana na majani meusi ya 40, inatoka 141, na mbele ya nyeupe inasomeka vizuri, darizi zake zikiwemo. Ikikutana na mbingu ya msituni yenye 240, inatoka 247, na kofia imekwenda. Kwa hiyo sikutaka picha ya mikoko yenye mbingu juu. Nilikwenda mkondo wa Mkanda maji yakiwa yametoka, nikapiga kwa karibu: majani mazito juu, mizizi iliyosimama katikati, na tope linalong'aa chini.

Leya ya mikoko iliwekwa juu ya ile ya mzee, `Mode` ikawa `Screen`, nikaisogeza mpaka majani yakakaa kwenye kofia. Mizizi ikashuka shavuni na shingoni, na kwenye ndevu ikafifia, kwa kuwa ndevu zenyewe zina mwanga. Kisha niliongeza maski kwa `Add Layer Mask` na kupaka rangi nyeusi kwa brashi laini, ya nguvu kama asilimia 40, kwenye jicho na mstari wa pua peke yake. Pale mikoko ikapungua, mzee akarudi. Bila hatua hii watoto wake wangeuona msitu mzuri, lakini wasimtambue baba yao.

Wengine huuliza kwa nini nisitumie mji wenyewe, ule mstari wa nyumba unaouona ukivuka kutoka Manda. Nimeshautumia, lakini mji wa Lamu ni mfupi kwenda juu na mrefu kwenda upande. Ukiujaza kichwani unakuwa ukanda unaopita sikioni, na juu yake mbingu tupu inafuta utosi. Nauona unafaa mabegani, kwa mtu aliyevaa buibui nyeusi: hapo weusi ni mwingi, na minara inapata mahali pa kusimama.

Ukitaka matawi yatoke nje ya kichwa, `Screen` haiwezi, kwa sababu nje ni nyeupe. Rudufu leya ya msitu, ipe `Multiply`, hali inayotia giza badala ya mwanga, ifiche yote kwa maski nyeusi, kisha ifunue kwa brashi nyeupe pale juu tu. Mbingu ya msitu huo lazima nayo iwe nyeupe kabisa, la sivyo utaona mpaka wa kijivu brashi ilipoishia. Kwa mzee sikufanya hivyo. Majani yangeifunika kofia.

Kazi ikienda kuchapishwa, mwambie fundi aache fremu yenye ukingo wa rangi, maana nyeupe ya picha na nyeupe ya karatasi hazitenganishwi. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha hubanwa, na ile mizizi myembamba ya shavuni ndiyo ya kwanza kuharibika.