Slaidi ya mwisho ya mapitio ya mauzo: watu wanavyodhani na ukweli wenyewe

Septemba ikiisha robo ya tatu imefungwa, na Oktoba ikianza maofisi ya mauzo hapa Malindi ndo yanakaa kuangalia hesabu. Grafu na matageti watu washajua kuvichora, hapo sina neno, ila ile slaidi ya kufungia, inayosema nani atafanya nini na lini, ndo inaharibiwa karibu kila mahali, tena na watu wenye nia nzuri kabisa. Tuchukue mfano wa biashara ya jumla ya maji ya chupa na juisi, stoo iko Malindi, inauzia Watamu na mpaka Lamu, seli za Lamu zimeshuka robo nzima na Disemba iko mlangoni. Tarehe nitakazotaja ni za mfano huo.

Dhana: slaidi ya mwisho ni ya "Asanteni, kuna maswali?"

Ukweli ni kwamba slaidi unayoiacha kwenye projekta watu wakianza kuongea ndo inayoamua wataongea nini. Ukiacha "Asanteni" utaulizwa juu ya ile grafu ya mwezi wa nane mpaka saa ya chakula ifike. Ukiacha kazi, jina na tarehe, mtu ataona jina lake pale juu aseme hapana, hiyo tarehe siiwezi, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta, aseme sasa hivi sio wiki ya tatu ya Novemba. Shukrani toa kwa mdomo, inatosha.

Dhana: ukiandika "Mhusika: timu ya mauzo" kila mtu atajituma

Hakuna atakayejituma, na si kwa uvivu, manake kila mmoja anadhani mwenzake kashaanza. Kila mstari uwe na jina moja la mtu, sio idara, sio majina mawili yamewekewa mkwaju katikati. Mwenye jina si lazima afanye kazi yote kwa mikono yake, anaweza kutuma wenzake watano, lakini yeye ndo anayeulizwa.

Na hapa kuna kosa la ndani zaidi, kumpa mtu kazi ambayo ufunguo wake anao mwingine. Mara nyingi utaona mstari umeandikwa "Kukusanya madeni ya hoteli" na jina ni la kijana wa seli anayezunguka Lamu. Sasa huyu kijana anafika hotelini, mhasibu wa pale anamwambia invoisi yenu haikupitia eTIMS, siwezi kulipa kwa sababu KRA hawatanikubalia hiyo gharama, na kijana hana njia ya kutoa invoisi ya eTIMS, hiyo iko kwa dada wa akaunti Malindi. Atarudi wiki ijayo na jibu lile lile. Kwa hiyo mstari wa kwanza ni wa dada wa akaunti, "Invoisi zote za Julai hadi Septemba ambazo hazijalipwa zitoke kwenye eTIMS na zitumwe kwa hoteli", na baada ya hapo ndo kijana anapewa wake wa kufuatilia malipo, tarehe yake ikiwa mbele ya ile ya kwanza. Kabla hujaandika jina jiulize, huyu mtu akiamka kesho asubuhi anaweza kuianza hii kazi bila kuomba ruhusa ya mtu? Kama hawezi basi hilo jina si lake. Na mwenyewe akubali kwa kinywa chake pale pale mkutanoni, usimwekee jina usiku wa kuamkia mkutano akalikuta ukutani.

Dhana: dedlaini ni mwisho wa robo

Hii ndo inanikera zaidi kwa sababu ndo inayokula hela. Tarehe 31 Disemba ni siku ya kuhesabu, sio siku ya kufanya, ukifika hapo wageni washakunywa maji ya mtu mwingine. Tarehe inatafutwa kwa kurudi nyuma kutoka siku mzigo unapohitajika.

Tuseme hoteli za Amu na Shela zinataka mzigo wa sikukuu uwe kisiwani tarehe 10 Disemba. Lori likitoka Malindi linapita Garsen na Witu mpaka Mokowe, na barabara inaishia hapo, makatoni yanashushwa yanaingia boti, yakivuka yanabebwa kwa mikokoteni na punda maana lori haliendi kisiwani, weka siku mbili, kwa hiyo litoke tarehe 8. Lakini hii ni robo ya vuli, na mvua za mwisho wa 2023 mto Tana ulifurika barabara ikafunikwa na maji pale Gamba magari yakakwama, kwa hiyo ongeza siku tatu za tahadhari, lori litoke tarehe 5 na mzigo uwe stoo ya Malindi tarehe 4. Kiwanda kinataka wiki mbili tangu upeleke oda, hapo uko 20 Novemba. Kujumlisha oda za hoteli na kupokea malipo ya awali mpe siku sita. Tumefika 14 Novemba.

Ushaona? Ile "mwisho wa robo" kumbe ni katikati ya Novemba, mwezi na nusu nzima kabla. Mstari uliokuwa "Kuboresha mauzo Lamu, timu, Disemba" sasa unasomeka hivi:

"Oda za Disemba zilizosainiwa kutoka hoteli 12 za Amu na Shela. Mhusika: mshika soko la Lamu, kwa jina lake. Tarehe: 14 Novemba. Kituo cha kuangalia: oda 6 ziwe mkononi 31 Oktoba."

Hicho kituo cha katikati usikiruke. Ikifika 31 Oktoba mna oda mbili bado mna wiki mbili za meneja kupanda boti mwenyewe aongee na hoteli, lakini mkigundua tarehe 14 hakuna cha kufanya tena. Na uone kwamba mstari unasema kitu unachoweza kukishika, karatasi iliyosainiwa. "Kuboresha", "kuimarisha", "kufuatilia kwa karibu" havina siku ya kuisha, ukiona neno la namna hiyo futa uulize tutajuaje kwamba imekwisha.

Dhana: orodha ndefu inaonyesha mko siriasi

Mistari mitano, ikizidi sana saba. Ikifika kumi na tano hakuna anayekumbuka wake. Zile ndogo ndogo ziende kwenye karatasi ya timu, hapa zikae zile ambazo zisipofanyika tageti ya robo haifikiwi.

Dhana: mkutano ukiisha slaidi imemaliza kazi yake

Itumwe kwenye grupu la wasap siku ile ile kabla watu hawajatawanyika, na ile ile, bila kubadilishwa maneno, iwe slaidi ya kwanza ya mapitio ya Januari. Kila mstari uwekewe jibu moja kati ya mawili, imefanyika au haijafanyika. "Inaendelea" isikubaliwe, kwa sababu oda tisa kati ya 12 ni haijafanyika, na chini yake mhusika anaandika zile tatu zilikwama wapi na tarehe mpya ni lini, au aseme wazi kwamba kazi hiyo inaachwa na ni nani kaamua iachwe.