Lacag la'aan: irabu ndefu na alama ya hamza katika tangazo la Kisomali

Ukisimama mbele ya ubao wa matangazo wa zahanati au shule kule Islii au Garissa, kuna maneno mawili ya Kisomali utakayoyakuta mara kwa mara: lacag la'aan. Lacag ni pesa, la'aan ni kutokuwepo au kukosekana kwa kitu. Yakikaa pamoja maana yake ni "bila malipo". Ni maneno ambayo mama mwenye mtoto wa kuchanjwa huyatafuta kwanza kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Sasa mchapaji asiyejua Kisomali anaiona ile alama ndogo katikati ya la'aan, anadhani ni doa au pambo, anaiacha. Kisha anaona a tatu zimefuatana, laaan, anafikiri kidole kilikwama, anaondoa moja. Kinachobaki ni lacag laan. Na laan ni neno kamili la Kisomali: ni tawi la mti, au tawi la ofisi. Tangazo lililotaka kusema "bure" sasa linasema "pesa tawi". Msomaji mzoefu atakisia kilichokusudiwa. Anayesoma kwa kuunganisha herufi polepole, na kwenye tangazo la jamii hao ni wengi, atakwama hapohapo.

Kosa hili limegusa mambo mawili ambayo mwandiko wa Kisomali huyashughulikia tofauti na wetu: irabu ndefu, na alama ya mkato wa koo.

Tuanze na irabu. Kisomali kina irabu tano zilezile tulizonazo, a, e, i, o, u, lakini kila moja ina fupi na ndefu. Fupi huitwa shaqal gaaban na huandikwa kwa herufi moja. Ndefu huitwa shaqal dheer na huandikwa kwa herufi hiyohiyo mara mbili. Jina lenyewe la lugha lina ndefu mbili: Soomaali. Urefu huo hubeba maana. Bur ni unga, buur ni mlima. Dab ni moto, daab ni mpini. Qor ni "andika", qoor ni shingo. Kwenye tangazo la mgao wa chakula, u moja ikizidi, watu wataambiwa waje kuchukua mlima.

Msomaji wa Kiswahili ana mahali pa kushikilia hapa, kwa sababu anajua kufa si kufaa, na paka si pakaa. Ila kuna tofauti moja inayofaa kuangaliwa. Kwetu, kufaa ina silabi tatu, ku-fa-a, na kila a inahesabiwa peke yake. Kwa Msomali, buur ni silabi moja tu iliyovutwa, haigawanyiki. Ndiyo maana wengi wetu tukiandika Kisomali kwa kusikiliza tunapoteza herufi: sikio letu halihesabu silabi ya pili, basi mkono unaandika moja. Waa, neno dogo linalokaa kati ya kiima na maelezo yake mfano wa "ni" yetu, huwa wa. Tallaal, yaani chanjo, huwa talal, na hapo tumepoteza pia l moja, kwa kuwa konsonanti nazo hurudufiwa pale zinapokazwa.

Alama ya pili ni ile inayofanana na ritifaa ya ng'ombe. Umbo ni moja, kazi ni tofauti kabisa. Katika ng'ombe, ritifaa haina sauti yake. Inatuambia tu kwamba ng' isisomwe kama ng ya ngoma. Katika Kisomali alama hiyo ni konsonanti inayojitegemea. Ni hamza, ile waliopita chuoni wanaijua kwa Kiarabu: koo linafunga kwa nukta moja, pumzi inakatika, kisha inaachiwa. Sote tunaitoa sauti hiyo tunapokataa jambo kwa kusema "a-a!" Kile kikato kilicho kati ya a mbili ndicho Kisomali hukiandika kwa '. Mfano ninaoupenda ni lo', neno la Kisomali la ng'ombe kwa jumla. Lugha zote mbili zimemtia ng'ombe alama ileile, kila moja kwa sababu yake.

Kwa kuwa ni konsonanti, ina nafasi yake katika alfabeti. Serikali ya Somalia ilipotangaza mwandiko rasmi wa herufi za Kilatini tarehe 21 Oktoba 1972, kwa mfumo uliotokana na kazi ya mwanaisimu Shire Jaamac Axmed, herufi zilipangwa kwa kufuata mpangilio wa Kiarabu. Hivyo hamza ndiyo ya kwanza kabisa, inafuatwa na b, t, j, x, na irabu zikawekwa mwisho. Anayeifuta kwenye tangazo anafuta herufi ya kwanza ya alfabeti.

Hamza huandikwa katikati ya neno na mwishoni. Mwanzoni haiandikwi, hata kama neno linaanza na irabu na koo linasikika likifunguka. Katikati tunaipata kwenye su'aal (swali), go'aan (uamuzi) na mas'uul (mhusika au kiongozi mwenye dhamana). Mwishoni tunaipata kwenye lo', na kwenye da', yaani umri.

Isichanganywe na c. Kiarabu kinapoandikwa kwa herufi za Kilatini, watu wengi hutumia alama hii kwa sauti ya ʿain. Kisomali kimeipa ʿain herufi yake, c, ndiyo maana Ali huandikwa Cali na Ijumaa ni Jimce. Lacag la'aan ina zote mbili: c ni ʿain, ' ni hamza. Ukizibadilishana unapata neno jingine: bac ni mfuko wa plastiki, ba' ni maangamizi.

Tuchukue tangazo fupi la chanjo lililoandikwa sawasawa:

OGEYSIIS
Tallaalku waa lacag la'aan.
Waxaa la tallaalayaa carruurta da'doodu ka yar tahay 5 sano.
Fadlan soo qaado kaarka tallaalka.
Haddii aad su'aal qabto, la hadal mas'uulka xarunta.

Yaani: Tangazo. Chanjo ni bila malipo. Wanaochanjwa ni watoto ambao umri wao ni chini ya miaka 5. Tafadhali njoo na kadi ya chanjo. Ukiwa na swali, zungumza na mhusika wa kituo.

Sasa tuondoe alama zote za hamza tuone kinachoharibika. La'aan tumeshaiona. Da'doodu, "umri wao", inakuwa dadoodu. Hilo si neno, lakini jicho la Msomali linaona dad mwanzoni, na dad ni "watu". Sentensi iliyokuwa ikitaja umri inaanza kunukia habari za watu wa watoto hao, na mzazi anabaki na "chini ya miaka 5" bila kujua ni cha nini. Su'aal inakuwa suaal, ambayo bado inatambulika. Mas'uulka inakuwa masuulka, nayo inatambulika pia. Madhara hayalingani, na anayesahihisha kwa haraka aanze na maneno mafupi, kwa kuwa hayo yana majirani wengi wa kufanana nao.

Tazama hasa la. Katika tangazo hili imetokea mara mbili bila hamza. La tallaalayaa ni la ya kutomtaja mtendaji, kama tunavyosema "wanaochanjwa" bila kusema nani anachanja. La hadal ni la ya "pamoja na": zungumza na fulani. Ukiongeza hamza, la', unapata kinyume, "bila". Biyo la' ni mtu au mahali pasipo na maji. Alama moja imesimama kati ya "pamoja na" na "bila", na hakuna kikagua tahajia kitakachokuonya, maana la na la' yote ni maneno halali.

Kwa asiyejua lugha, zipo dalili mbili za hamza iliyopotea ambazo jicho linaweza kuzikamata. Ya kwanza ni irabu moja iliyoandikwa mara tatu mfululizo, kama laaan. Kisomali hakina irabu ya urefu huo, kwa hiyo katikati palikuwa na kitu. Ya pili ni irabu mbili tofauti zilizogusana, kama suaal au goaan. Tahajia ya Kisomali kwa kawaida haiziachi zigusane, huweka konsonanti kati yake. Dalili hizi hazitakusaidia kwa hamza ya mwisho wa neno, kama da', wala kwa ile inayofuata konsonanti, kama mas'uul. Hapo hakuna njia ila kumpa anayeijua lugha asome kwa sauti, nawe ufuatilie kwenye karatasi.

Majina ya watu usiyaguse. Jaamac anaweza kuwa ameandikwa Jama kwenye kitambulisho, Xasan akawa Hassan. Orodha ya wanaopokea msaada hufuata kitambulisho; ukiisahihisha kwa tahajia ya Kisomali, mwenye jina atafika mezani aambiwe hayumo.

Limebaki jambo la alama yenyewe kwenye kompyuta na simu. Ukibonyeza ' katika Word, mara nyingi programu huibadilisha kuwa ’ iliyopinda. Kwenye karatasi haina neno, inasomeka vizuri. Taabu huja tangazo hilohilo linaponakiliwa kutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Alama iliyonyooka imo katika herufi za kawaida za SMS, ambazo huruhusu hadi herufi 160 kwa ujumbe mmoja. Iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja tu, ujumbe wote hubadilishwa kwenda mfumo mwingine wenye nafasi 70, na ukigawanywa vipande, kila kipande hubeba 67. Tangazo la herufi 150 lililokuwa ujumbe mmoja linalipiwa kama jumbe tatu, kwa kila mzazi aliye kwenye orodha.

Nimeona watu wakigundua gharama hiyo na kuamua kufuta hamza zote ili kuokoa pesa. Hakuna haja. Katika Word, bonyeza Ctrl+Z mara tu alama inapopinda, itarudi kunyooka. Kwenye iPhone, zima Smart Punctuation katika mipangilio ya kibodi. Kama tangazo limekwisha kuandikwa, libandike kwenye ukurasa wa kutuma ujumbe na ubadilishe hapo kila ’ iwe ' kabla ya kutuma, kisha angalia kikomo cha herufi kwenye ukurasa huo: kikisoma 160, lacag la'aan itafika nzima.