Usugu wa dawa: aliyekuwa sugu ni nani hasa?

Haya wasikilizaji, mfamasia wenu hapa, leo nina neno moja tu. Juzi kaja kaka mmoja dukani, kashika shavu, ananiambia "Dokta nipe kitu kikali, mwili wangu ushazoea zile kapsuli za rangi mbili, ushakuwa sugu." Na sio wa kwanza wiki hii.

Usugu wa dawa ni pale bakteria waliokuwa wanauawa na antibayotiki fulani wanabadilika, unameza dawa na wao wanaendelea kuzaliana. Maana ndo hiyo, sikai sana hapo. Kinachonikera ni hilo neno "mwili".

Nadhani sugu yenyewe ndo inatuponza. Sugu tunaijua, ile ngozi ngumu ya kiganja cha mshika jembe, au ya paji la uso la mzee aliyesujudu miaka na miaka. Hiyo kweli ni ya mwili, mwili umesuguliwa ukajikaza. Sasa mtu akisikia usugu wa dawa anaona tumbo lake nalo limeota sugu kwa kumeza vidonge. Hapana. Bakteria ndo wameota sugu, na ndo maana anaweza kukuambukiza mwenzio wale wake sugu na wewe hujawahi kumeza hata kapsuli moja maishani, dawa ikagoma vilevile. Kama ni mwili kuzoea, wako umezoea lini?

Nikamuuliza kaka alitumiaje. Alinunua kapsuli nne za amoksilini na diklofenaki mbili. Amoksilini ile inamezwa mara tatu kwa siku, kwahiyo nne ni siku moja na kidogo, hapo bakteria wepesi wanakufa na wagumu wanabaki na nafasi yote ni yao. Ila jino liliacha kuuma, akajua kapona! Kumbe iliyotuliza ni diklofenaki, na diklofenaki haiui bakteria hata mmoja, inapunguza maumivu na uvimbe tu, ukiizidisha inakuchubua tumbo na kukuumiza figo.

Na hata hao wa kwake siwezi kuapa kwamba ni sugu. Shavu lilikuwa limejaa, usaha umejifungia kwenye mzizi wa jino, na pale damu haipiti vizuri kwahiyo dawa haifiki, hata umpe kali namna gani. Usaha ule unatakiwa utolewe. Sikumuuzia kitu, nikamwandikia kikaratasi aende kwa daktari wa meno, akaondoka amenuna kidogo.

Kuzoea kwa mwili kupo jamani, sikatai, dawa za maumivu kama mofini mwili unazizoea kweli na dozi inapanda. Ila kwa antibayotiki, kaka yangu, sema bakteria wamekuwa sugu, mwili wako hauna kosa.